Akiba ya dharura: miezi 3 au 6? Naomba ushauri

Sultani wa Kona (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu. Nimeajiriwa, mkononi napokea laki 9. Nyumbani tunatumia laki 6 kwa mwezi. Nataka kujenga akiba ya dharura ila nimekwama: wapo wanaosema miezi 3, wapo wanaosema 6. Nina laki 2 na nusu, na kila mwezi naongeza laki 1. Miezi 6 ni milioni 3.6, maana yake nikusanye kwa miezi 34! Usingizi sipati. Nilenge ipi?

Nyuki Mkali:
Sita. Hakuna mjadala.

Bwana Jembe:
Akiba haizai mkuu. Fungua biashara, hiyo ndiyo dharura yako itakayokulipa. Mimi nilianza na mtaji mdogo kuliko huo na leo naajiri watu.

Kipimajoto:
Kabla ya 3 au 6, hiyo laki 6 ni ya mwezi wa kawaida au ya mwezi usio na mshahara? Mambo yakiharibika hununui nguo mpya wala hutoki kutembea. Piga hesabu ya kodi, chakula, umeme, maji, dawa na nauli ya kuzungukia kazi tu. Kadirio la akiba linatoka hapo.

Sultani wa Kona:
Nimepitia na mwenzangu. Vya lazima ni laki 4 na nusu.

Jicho Pevu:
Wadau, hii chai. Laki 9, toa 6 ya matumizi, toa 1 ya akiba. Laki 2 imeyeyuka? Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya pesa hawezi kusahau laki 2 kila mwezi. Uzi wa kutunga huu.

Bwana Jembe:
Duh, kweli! Na mimi nilikuwa nishaanza kumwonea huruma.

Sultani wa Kona:
Sijatunga. Laki 2 ni marejesho ya mkopo, yamebaki ya miezi 8. Sikuutaja kwa sababu najua watu humu, ningeanza kuhubiriwa. Mkopo ulikuwa na sababu zake na sikuja kuuliza habari zake.

Nyuki Mkali:
Mkopo ni minyororo, kijana.

Kipimajoto:
Mkuu, huo mkopo ndio unaobadilisha jibu lote. Ukipoteza kazi leo, marejesho hayasimami. Mwezi mmoja utakugharimu laki 6 na nusu, kwa hiyo akiba yako haifiki hata wiki mbili.

Sasa endelea hivyo hivyo, laki 1 kwa mwezi, mpaka mkopo uishe. Utakuwa na milioni 1 na elfu 50, na mwezi wa dharura utakuwa umeshuka hadi laki 4 na nusu. Pesa hiyo inakubeba miezi miwili na ushee. Halafu ile laki 2 ya marejesho inageuka akiba, unaweka laki 3. Mwezi wa 9 una milioni 1.35, yaani miezi 3 kamili. Miezi 6 ni milioni 2.7, unaifikia mwezi wa 14. Ile 34 yako ilitokana na kuhesabu matumizi ya starehe na kudhani kasi haitabadilika.

Mpango huu huwa unavunjikia mwezi wa 9. Mkopo ukiisha mtu anajiona ana nafasi, na laki 2 inamezwa na matumizi. Ihamishe siku ileile mshahara unapoingia.

Sultani wa Kona:
Nimekuelewa. Ila fomu ya akaunti ya muda maalumu, mwaka mmoja, nimeshaijaza. Riba yake nzuri, na pesa ikifungwa sitaigusa.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, mume wangu aliugua ghafla na pesa yetu ilikuwa imefungwa hivyo hivyo. Benki walitaka tutoe taarifa mapema na riba ikapotea. Tukakopa kwa ndugu huku tuna akiba yetu. Mpaka leo hilo deni la maneno linatuuma.

Kipimajoto:
Msikilize dada. Pesa ya dharura uweze kuitoa leo, hata kama riba ni ndogo. Kuhusu 3 au 6, mara ya mwisho ulikaa muda gani bila kazi?

Sultani wa Kona:
Miezi 5.

Kipimajoto:
Basi kwako wewe Nyuki kapatia. Mwenye fani inayopata kazi haraka, 3 zingemtosha.

Nyuki Mkali:
Nilisema mimi.

Jicho Pevu:
Bado simwamini. Miezi 5 bila kazi, halafu unafunga pesa mwaka mzima?

Sultani wa Kona:
Ndiyo maana naogopa kuigusa, kaka. Nikifunga nusu tu na nusu nikaiacha wazi, je?

Mama Wawili:
Nusu ya wiki mbili ni siku ngapi, mdogo wangu?