Tupeane uzoefu: hedhi na uchafu ukeni kwa wanaotumia ARV

Mkunga wa Zamu
Kuna kitu nimekiona tena wiki hii kikanikumbusha, na naamini wengi mmekutana nacho. Mama wa miaka 29, yuko kwenye mseto wenye efavirenzi, virusi havionekani. Kijiti cha levonogestreli kiliwekwa mkononi miezi 14 iliyopita. Miezi ya mwanzo alitoka matone matone, kisha hedhi ikakata kabisa kwa miezi sita. Hayo ni ya kawaida kwa kijiti. Halafu siku zake zikarudi: siku nne, kila mwezi, kama saa. Akafurahi, akaambiwa "mwili umezoea dawa". Mwezi wa nne zikakata tena, naye akajua kijiti kimerudi kazini. Kumpima, ana mimba ya wiki tisa.
Leteni mliyoyaona.

Binti Asali
Hilo la "mwili umezoea" nalisikia kila siku jamani.

Mzee wa Dirisha la Dawa
Efavirenzi huliamsha ini livunje homoni ya kijiti haraka. Kiwango kwenye damu hushuka karibu nusu, wakati mwingine zaidi. Mayai yakianza kupevuka upya, hedhi hurudi na mpangilio wake. Ndiyo maana hedhi inayorudi kwa mpangilio mzuri ghafla, mtu akiwa na kijiti na efavirenzi, inanishtua kuliko matone ya ovyo. Haithibitishi kitu peke yake, ila pima mimba na mpe kondomu siku hiyohiyo.

Kijana Mjuaji
Ndiyo maana nasema ARV zote ni adui wa uzazi wa mpango. Dolutegraviri pia.

Mzee wa Dirisha la Dawa
Umepatia nusu. Dolutegraviri haigusi homoni za kijiti. Anayeigusa zaidi ni rifampisini ya kifua kikuu, na huyo mara nyingi husahaulika kwenye daftari.

Mkunga wa Zamu
Na ukimhamisha kwenda dolutegraviri usimwambie mambo yameisha leo. Efavirenzi hukawia mwilini na ini halitulii mara moja; mimi huwapa wiki nne za kondomu. Asiyetaka kusubiri, kitanzi cha shaba hakina homoni, ini halina cha kuvunja. Sindano ya miezi mitatu nayo haitikiswi na efavirenzi.

Kijana Mjuaji
Au alale chumba cha peke yake 😂

Mama Pacha
Samahani, mimi nilidhani mnazungumzia uchafu. Mteja akianza ARV anatoka maziwa mgando, anawashwa hadi hakai. Ni dawa?

Nesi Mstaafu
Maziwa mgando na muwasho, bila harufu, ni fangasi, na hao hupenda kinga iliyoshuka. ARV zikifanya kazi huwa wanapungua. Wakirudi mara nne kwa mwaka, pima wingi wa virusi na sukari kabla ya kuandika flukonazoli nyingine.
Ninachokataa ni kila uchafu kuitwa fangasi. Mwepesi wa kijivu, unaonuka samaki hasa baada ya tendo, ni bakteria walioharibu mpangilio wa uke. Dawa ya fangasi hapo ni maji. Wenye povu, wa kijani au njano, fikiria trikomona.

Binti Asali
Trikomona unampa metronidazoli gramu mbili mara moja, kwisha.

Nesi Mstaafu
Kwa mwanamke mwenye VVU, hapana! Miligramu 500 mara mbili kwa siku, siku saba. Dozi moja huacha wengi na maambukizi. Na mwenza atibiwe, la sivyo anarudi Jumatatu.

Binti Asali
Siku saba hawamalizi, nyie mnaoandika hamuoni. Kinywa kinakuwa kama chuma.

Nesi Mstaafu
Basi amezee baada ya chakula. Dozi iliyoshindwa huitatui kwa kuirudia.

Mama Pacha
Na asiyeona hedhi kabisa, bila kijiti?

Mkunga wa Zamu
Pima mimba kwanza, hata akiapa. Kisha angalia uzito. Aliyegundulika akiwa amekonda na CD4 chini, hedhi hukata kwa ugonjwa wenyewe. Akipata dawa na uzito ukirudi, hedhi hurudi baada ya miezi kadhaa, na yai hutangulia damu. Wengine hushika mimba kabla ya kuona hedhi hata moja.

Kijana Mjuaji
Hiyo ya yai kutangulia sikuijua. Na damu baada ya tendo?

Nesi Mstaafu
Hiyo usiipe jina la hedhi wala la ARV. Weka spekulamu uone shingo ya kizazi. Wenye VVU wana hatari ya saratani hiyo karibu mara sita ya wengine.

Binti Asali
Mkunga, yule wa wiki tisa mlimtoa kijiti?

Mkunga wa Zamu
Kimetoka juzi. Anaumwa kidogo upande wa kushoto, kwa hiyo kaenda altrasaundi kwanza tujue mimba iko wapi. Majibu bado.