Sakafu ya nyumba ya Kibaha: gumzo la familia

Baba Imani: Habari za jioni ndugu zangu. Nyumba imeshapauliwa, sasa nipo kwenye sakafu. Nimebakiwa na milioni moja na laki mbili tu. Niweke tailizi sebuleni tu na vyumba vibaki na jamvi la zege lilivyo, au nisakafie nyumba nzima kwa saruji na kuilainisha juu kwa niru? Ukiacha bafu, ni mita za mraba 60.

Shangazi: Hongera baba. Weka tailizi. Saruji inatoa vumbi kila siku, utafagia mpaka uzeeke.

Babu: Vigae ni vizito mwanangu. Hizo kenchi zako zitahimili?

Dada Mkubwa: Babu, anaongelea vigae vya chini, vya sakafuni. Paa lake ni la bati.

Babu: Ahaa. Basi sawa, endeleeni.

Mjomba Fundi: Baba Imani, hapo usiseme saruji au tailizi. Tailizi yenyewe inalala juu ya sakafu ya saruji. Jamvi la zege halijanyooka, ukibandika moja kwa moja gundi itakwisha kwenye mashimo. Kwa hiyo kusakafia utasakafia tu. Cha kuamua ni wapi unapiga niru na wapi unaacha pa kukwaruza. Fundi wako kakuambia mifuko mingapi?

Baba Imani: Kasema 10 inatosha nyumba nzima, unene sentimita 4.

Mjomba Fundi: Haitoshi. Kwa unene huo, ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, mita 60 zinakula kama mifuko 18. Mifuko 10 maana yake anachanganya moja kwa nane. Sakafu ya hivyo ndiyo inayotoa hilo vumbi analosema Shangazi. Ukiikwaruza na msumari inatoka unga.

Mama Imani: Shikamoo mjomba. Basi tuongeze, tufanye moja kwa mbili, iwe imara kabisa.

Mjomba Fundi: Marahaba mama. Hapana, ukizidisha saruji inasinyaa inapokauka, inapasuka nyufa. Moja kwa nne, na mchanga usiwe na udongo. Kinachoiua sana ni kukaushwa haraka. Kesho yake ifunikwe magunia, imwagiwe maji asubuhi na jioni siku 7. Kwa jua la Kibaha usikubali siku mbili.

Baba Imani: Saruji huku ni 17,000. Mifuko 18 ni 306,000, naweza. Ila tailizi za nyumba nzima hapana.

Mama Imani: Mimi nilifikiri tupige niru kote sasa, mwakani tukipata hela tubandike tailizi juu ya niru. Gundi si inashika popote?

Shangazi: Msifanye! Sebule yangu ilikuwa na niru nyekundu, inateleza kama kioo. Wakabandika juu yake. Mwaka haukuisha, ukipita unasikia ko ko ko, halafu mstari mzima ukanyanyuka mlangoni. Nililia.

Mjomba Fundi: Pole Shangazi. Niru ni laini, gundi haina pa kung'ang'ania. Ili ubandike juu yake lazima igongwe nyundo na patasi nyumba nzima, na hapo umelipa fundi mara mbili. Sebule na korido, kama ndoto ni tailizi, sawazisheni kwa rula halafu mwache ikwaruze hivyo hivyo. Msipige mwiko wa chuma. Na muiache iwe chini kuliko sakafu ya vyumbani kwa sentimita moja na nusu, ndiyo nafasi ya tailizi na gundi. La sivyo milango itakwanguliwa chini.

Dada Mkubwa: Sasa tutakaa mwaka mzima kwenye sakafu ya kukwaruza? Wageni je?

Mjomba Fundi: Tandikeni mkeka wa plastiki. Vyumbani pigeni niru, mifuko 2 ya ziada inatosha. Bafu lenyewe lisingoje, liwekwe tailizi za kukwaruza sasa hivi, na sakafu iinamie kwenye tundu la maji.

Baba Imani: Nimeelewa mjomba. Na jamvi lenyewe? Limekaa miezi mitano, lina vumbi na matone ya lipu.

Mjomba Fundi: Kwangua lipu yote, fagia, lowesha usiku kucha. Asubuhi maji yasituame, paka uji wa saruji, na mchanganyiko ufuate hapo hapo kabla uji haujakauka. Wiki mbili baadaye gonga na ufunguo kila kona. Palipo na sauti ya debe tupu hapajashika, na pabomolewe kabla fundi hajalipwa lake lote.

Mama Imani: Korido mimi nataka niru, ndipo watoto wanapomwaga maji.

Baba Imani: Niru ikilowa si inateleza?

Shangazi: Inateleza, mimi niliwahi kuanguka.

Mama Imani: Na tailizi je, hazitelezi? Tutaongea ukirudi. Fundi mwambie mifuko 20 kwanza.