Naomba ushauri: hatua za mguu redioni zionekane vipi kwenye video?

Habari zenu wanajumuiya. Ninageuza mchezo wa redio kuwa muswada wa video tutakayorekodi Chamwino, na nimekwama katika onyesho moja. Redioni, usiku, mama anasikia mlango wa ghala ukilia, kisha hatua za mtu anayeburuta mguu mmoja, na msikilizaji anamtambua shemeji bila kutajiwa jina.

Nikimwonyesha shemeji akiingia ghalani, siri inakufa. Nikiacha giza na sauti tu, bado ninaandika redio. Kwa sasa nimeandika kwamba asubuhi mama anaona punje za mtama mlangoni na, katika vumbi, alama kamili ya katambuga moja kando ya mfuo mrefu wa ile ya pili, naye anaweka ufagio chini bila kufagia. Swali lake la redioni, "Nani kafungua ghala?", nimelifuta, kwa kuwa picha inalisema tayari.

Tatizo ni kwamba mfuo huo hautamwambia mtazamaji lolote ikiwa hajauona mguu ukiburutwa kabla, ilhali nikiuonyesha kwa karibu atabashiri mapema. Nafikiria shemeji apite uani na ndoo ya maji, katika picha pana, wengine wakijadili mahari. Je, kupita mara moja kunatosha, na onyesho la usiku nilifute kabisa?