Mwalimu mmoja, la kwanza na la pili chumba kimoja: ratiba inapangwaje?

MwalimuPori: Wenzangu salaam. Niko shule shikizi, la kwanza wapo 31, la pili 24, chumba kimoja, mwalimu ni mimi tu. Kwenye ratiba niweke somo moja kwa wote saa ileile au kila darasa na somo lake?

MkaguziMstaafu: Somo moja. Hesabu na hesabu, kusoma na kusoma. Zana zilezile, andalio moja lenye safu mbili, basi. Mkianza kuchanganya masomo ndo mthibiti ubora akija anakuta soko.

ZamuYaMchana: Mbona rahisi, la kwanza waje asubuhi la pili mchana, kwetu mjini ndo ilivyo

MwalimuPori: Hizo ni zamu ndugu yangu. Hapa wote wanakuja asubuhi, wengine wanatembea mbali, mchana hawarudi.

ChakiNyeupe: Mzee Mkaguzi kwenye zana na andalio uko sawa, ila kwenye kusoma inakufa siku ya kwanza. La kwanza wanaimba ba be bi bo bu kwa sauti, hapohapo unataka la pili wasome habari kimya wajibu maswali, nani atasoma hapo? Kusoma ya la kwanza mimi naikutanisha na kuandika ya la pili. Hesabu ndo naziweka pamoja. Naangalia nani ananihitaji na nani anapiga kelele, jina la somo baadaye.

MkaguziMstaafu: Kwa hiyo miaka yote sisi tulikuwa tunakagua upepo?

ChakiNyeupe: Sijasema hivyo shikamoo 😂

MwalimuPori: Hizo hesabu za pamoja unaziendeshaje? Mimi nikigeukia la kwanza tu, huku nyuma vita.

ChakiNyeupe: Unganisha vipindi viwili vya dakika 30 upate saa nzima. Ubao ugawe kwa mstari wa chaki. Dakika 5 za mwanzo wimbo wa namba, wote. Halafu dakika 15 na la pili, tuseme kutoa kwa kukopa, 42 kutoa 17. Muda huo la kwanza wako chini na vizibo vya soda wanatengeneza mafungu ya kumikumi, kazi wanayoijua tayari, usiwape kitu kipya wakati uko na wenzao. Kisha la pili wanafanya maswali 5, wewe dakika 20 na la kwanza, 13 ni fungu la kumi na vizibo vitatu. Dakika 15 zinazofuata la kwanza wanaandika, wewe unarudi kusahihisha la pili. 5 za mwisho kukusanya.

Sasa kosa linaloumiza: usiondoke la pili kabla hujaona swali la kwanza kwenye kila daftari. Mtoto akiandika 42 kutoa 17 ni 35 ujue kachukua 7 katoa 2, kageuza juu chini. Ukiondoka bila kuona, ukirudi baada ya dakika 20 kakosa yote matano namna ileile na kosa lishakuwa tabia. Na vita vyako vinatoka kwa wanaomaliza mapema, weka kazi ya akiba pembeni ya ubao, au waliomaliza wakawasaidie la kwanza kuhesabu vizibo.

BabaWatatu: Hapo mwisho ndo pananikera. Mwanangu nimempeleka akasome, sio akafundishe. Mwalimu analipwa mshahara mtoto wa miaka minane anafanya kazi yake???

ChakiNyeupe: Dakika tano za vizibo baba, hafundishi silabasi.

BabaWatatu: Leo vizibo kesho utamtuma maji. Tunawajua.

MwalimuPori: Maji nachota mwenyewe, nyumba ya mwalimu haina hata paa la maana.

MkaguziMstaafu: Mzazi ana hoja. Tulikuta sehemu mtoto mmoja mwenye akili ndo "mwalimu msaidizi" muhula mzima, kazi zake mwenyewe daftarini hakuna.

ChakiNyeupe: Hilo nakubali kabisa, wazungushwe na asiende ambaye hajamaliza yake. Lakini anayemwelekeza mdogo kuhesabu kumi kumi ndo kesho anaelewa kukopa ni kuvunja fungu. Mimi nimeliona.

BabaWatatu: Umeliona kwa watoto wa wenzio. Wako anasoma wapi?

ChakiNyeupe: Hapahapa ninapofundisha. La pili. Jana kaandika 35.

ZamuYaMchana: 😂😂😂 mwalimu

BabaWatatu: Haya bwana. Ila viti vipo au wanakaa chini kweli?

MwalimuPori: La pili wana madawati 6. Jamani kusoma na kuandika nimeelewa, ila kuna siku wote wana silabi mpya na habari mpya kwa pamoja, hapo naanza na nani?

MkaguziMstaafu: Silabi mpya sogeza kesho.

ChakiNyeupe: Leo kwa leo mzee hatukosani. Ila azimio la kazi litamdai.