Pasiwedi ya wageni: ninunue rauta yenye Guest Network au nitumie rauta ya zamani?

MkaziWaTabata
Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kuchagua. Nyumbani tuna faiba, na boksi la kampuni ndilo linalotoa waifai. Mama ni mwenyekiti wa kikoba. Kila Jumamosi kina mama wanajaa sebuleni, na pasiwedi akishapewa mmoja, baada ya wiki inajulikana mtaa mzima. Nikiibadilisha, kazi yote inaniangukia mimi: runinga niiandikie upya kwa rimoti, printa vilevile, na kamera mbili za nje ziko juu ya ukuta, kila moja inataka nipande ngazi niminye kitufe nianze upya.

Menyu ya boksi niliyofunguliwa ina jina moja tu la waifai, la pili haliongezeki. Naona njia mbili. Moja ni kununua rauta yenye Guest Network. Nyingine ni kutumia rauta ya zamani iliyopo kabatini, ambayo haina kipengele hicho. Ninachotaka ni kubadilisha pasiwedi ya wageni muda wowote bila kugusa vifaa vya nyumbani.

Chuma_Kibaha
Mkuu, usihangaike na pasiwedi. Ingia kwenye boksi, fungia nje anwani ya MAC ya kila simu usiyoitambua. Majirani watakoma wenyewe.

BintiMkunazini
Kaka Chuma, yeye hataki kuwafukuza watu, anataka kuwakaribisha bila usumbufu. Halafu simu za siku hizi, Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14, hutumia anwani ya MAC ya kubuni. Mtu akibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye simu yake, anarudi na anwani nyingine.

Mimi nina vyumba vya wageni hapa Unguja na natumia Guest Network ya TP-Link. Mgeni akiondoka, naingia kwenye menyu, nabadilisha pasiwedi ya wageni, nabonyeza Save. Waifai yote hukatika kwa sekunde chache kwa sababu redio inajiwasha upya, kisha vifaa vyangu hurudi vyenyewe maana jina na pasiwedi yao havijaguswa. Kwa hiyo usiibadilishe mtu akiwa kwenye mkutano wa video.

Kuna visanduku viwili vya kuangalia hapo: kinachoruhusu wageni kuonana wao kwa wao, na kinachowaruhusu kufikia mtandao wa nyumbani. Vyote viwili viache bila alama. Ubaya wake ni kwamba mgeni hataweza kurusha video kutoka simu yake kwenda kwenye runinga yako.

FundiSaleh
Dada kasema vizuri, lakini kwa nini anunue kingine wakati rauta ipo kabatini? Chomeka waya kutoka boksi la faiba uingie tundu la WAN la rauta ya zamani, ipe jina "Wageni" na pasiwedi yake. Boksi linabaki la familia. Rauta ya pili inagawa anwani zake yenyewe, kwa hiyo wageni wametengwa kabisa na kamera zako.

MzeeWaNyaya
Saleh, kwa upande wa pasiwedi uko sahihi: itabadilika bila nyumba kusikia. Kwenye kutengwa ndipo ulipopinda. Rauta ya pili huzuia kinachotoka boksini kuingia kwake, haizuii kinachotoka kwake kwenda boksini. Mgeni aliye nyuma yake hupita kwenye boksi kwenda intaneti, na njiani anaweza kuifikia printa na kamera kama aliyeko ndani. Kuhakikisha ni rahisi: unga simu kwenye waifai ya wageni, andika anwani ya printa kwenye kivinjari. Ukurasa wa printa ukifunguka, hakuna ukuta.

Kijana wa Tabata, geuza mpangilio. Wageni wabaki kwenye boksi la faiba, familia ihamie nyuma ya rauta ya zamani. Na hutapanda ngazi, kwa sababu kifaa kinakumbuka jina la waifai, pasiwedi na aina ya usalama, hakijali ni boksi gani linalovitangaza.

Anza na kompyuta iliyochomekwa waya kwenye boksi. Badilisha jina la waifai ya boksi liwe "Wageni" na uweke pasiwedi mpya. Hapo hapo badilisha na pasiwedi ya kuingilia menyu, maana ile ya kiwandani mara nyingi imebandikwa mgongoni mwa boksi na wageni sasa wako upande huo. Kisha, kabla ya kuunganisha rauta ya zamani na boksi, ipe jina lile lile la zamani la nyumbani, herufi kubwa na ndogo zilivyokuwa, pasiwedi ile ile ya zamani, na usalama wa WPA2 kama ulivyokuwa. Pasiwedi hiyo mtaa unaijua, nakubali. Tutaizungumzia.

Jambo la mwisho, angalia anwani za ndani. Kama boksi na rauta vyote vinatumia 192.168.1.1, vitagongana na intaneti haitapita. Ipe rauta 192.168.50.1, ndipo uchomeke waya kwenye WAN.

FundiSaleh
Mzee, hapo kwenye kugeuza sikuwa nimepafikiria. Lakini pasiwedi ya nyumbani ikibaki ile ile, mtaa si utahamia kwenye rauta ya familia?

MzeeWaNyaya
Utahamia, na simu zao zitajiunga zenyewe. Ndiyo maana kwa nyumba hii ngazi itapandwa mara moja tu, ya mwisho. Kwanza aone kila kitu kimerudi, kisha siku moja aweke pasiwedi mpya ya familia ambayo haitatajwa sebuleni tena. Kuanzia hapo ya wageni ndiyo itakayobadilika.

Wala sisemi huu ni ukuta kamili. Mawasiliano ya familia bado yanapita kwenye boksi ambalo wageni wameungwa, na mtundu mwenye ujuzi ana la kufanya hapo. Guest Network ya Binti inatenga vizuri zaidi, mradi rauta hiyo ndiyo inayogawa anwani. Ukiiweka kama Access Point, rauta nyingi hupoteza utengano huo.

MkaziWaTabata
Mzee wangu, shikamoo. Nimefuata hatua kwa hatua. Kamera zimerudi bila kuguswa, runinga nayo. Printa inaonyesha imeunga lakini haichapi.

MzeeWaNyaya
Marahaba. Bila shaka iliwekewa anwani ya kudumu ya mtandao wa zamani, kitu kama 192.168.1.20, wakati sasa nyumba iko kwenye 192.168.50. Ingia kwenye mipangilio yake, iache ipokee anwani yenyewe, halafu uiongeze upya kwenye kompyuta.

MkaziWaTabata
Imechapa! Kamera nitazipandia Jumapili, niweke ile pasiwedi mpya.

BintiMkunazini
Kwa kikoba, chapisha karatasi ya QR ubandike sebuleni, usitaje pasiwedi kwa mdomo. Maandishi ya kuingiza kwenye kitengeneza QR ni haya:

```
WIFI:T:WPA;S:Wageni;P:kikoba-juni-sebuleni;;
```

Pasiwedi iwe na herufi 8 hadi 63, na epuka nukta-mkato ndani yake, inavuruga usomaji. Ukibadilisha, unachapisha karatasi nyingine.

Chuma_Kibaha
Nami nina swali hapo. Mdogo wangu anacheza gemu la mtandaoni kwa pleisteshoni. Akiwa nyuma ya rauta mbili hivyo, hataanza kulalamika?

MzeeWaNyaya
Anaweza. Baadhi ya magemu hukataa kumwunganisha na wachezaji wengine au sauti isipite. Mimi ningeijaribu kwanza kama ilivyo.

FundiSaleh
Mimi ningeirudisha kwa waya moja kwa moja kwenye boksi. Pleisteshoni haina siri ya familia.