Mjadala: Mpangaji aweke tanki juu ya nyumba, kisha aliache akihama?

Mpangaji, Tabata: "Maji ya bomba kwetu yanatoka kwa mgao, tena usiku. Nataka kuweka tanki la lita 2,000 juu ya paa kwa pesa yangu. Nikihama naliacha. Mwenye nyumba ana sababu gani ya kukataa?"

Mama mwenye nyumba: Mwanangu, hata mimi ningekataa. Utaniachia tanki, na ufa utaniachia pia. Halafu wapangaji wengine watachota, bili ije kwa nani?

Fundi bomba: Mama ana haki ya kuogopa. Lita 2,000 ni tani 2, na kenchi za mbao chini ya bati hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Mbao zinapinda kidogo kidogo. Utaona dari inashuka katikati na milango inaanza kukwama. Na kuna jambo umeliruka, kaka: maji ya mgao yatapandaje? Presha ikiwa ndogo yanaishia kwenye bomba la uani. Weka tanki chini, kwenye jukwaa la zege lililosawazishwa, lijae lenyewe usiku kwa boya, kisha pampu ndogo isukume ndani. Ukitaka kimo, jenga mnara wenye msingi wake, pembeni ya nyumba. Ila kimo cha mita 3 kinakupa presha ya baa 0.3 tu: ndoo inajaa vizuri, bafu la mvua litatoa matone tu.

Mkazi wa Mbagala: Mimi niliomba sola, nikaruhusiwa. Fundi akatoboa bati kwenye bonde badala ya mgongo, masika yalipoanza chumba kikavuja. Kataeni!

Fundi bomba: Hilo ni kosa la kutoboa, ndugu yangu. Paneli ni nyepesi, tanki ni suala jingine.

Dalali: Mnajisumbua bure. Kilichofungwa kwenye nyumba ni cha mwenye nyumba, sheria ndiyo hiyo.

Karani wa mikataba: Nusu yake ni kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inahesabu kilichofungwa kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Mnara wa tofali, sawa. Tanki lililokaa kwa uzito wake tu, na pampu ya kufungua kwa spana, ni ubishi mwingine, kwa hiyo andikeni. Tuseme kazi imekula 600,000 na mmekubaliana gharama hiyo ihesabiwe kuisha kwa miezi 24, yaani 25,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akikutoa baada ya miezi 14, anakurudishia miezi 10: 250,000. Ukihama mwenyewe mapema, huna dai. Andikeni pia nani anaosha tanki na nani analipa likipasuka.

Mpangaji: Nimekubali liwe chini. Lakini akipandisha kodi mwakani kwa sababu nyumba sasa ina maji?

Mama mwenye nyumba: Nyumba yenye maji inapanda bei, mwanangu, sikufichi.

Karani wa mikataba: Basi kodi ifungwe kwa miezi hiyo hiyo 24.

Mama mwenye nyumba: Miaka miwili bila kupandisha? Hapo mimi sisaini.