Tupeane uzoefu: kutoa wimbo wa kwaya kwenye MuseScore (karatasi, sauti moja moja na mp3)

Mpiga Kinanda wa Zamu
Wakuu habari za jumapili. Leteni yaliyowakuta siku ya kutoa wimbo, naanza na yangu. Wimbo wa mavuno, kiitikio vipande 16, shairi vipande 8, nne nne, spidi 96. Niliuandika mistari miwili kama kitabu cha nyimbo, soprano na alto juu, teno na besi chini, kurasa mbili tu nikajiona mjanja. Kuja kutoa, kwanza nimebonyeza Parts nikitegemea sauti nne zikaja mbili, soprano na alto wamebanana karatasi moja. Pili mp3 imeishia dakika moja, yaani kiitikio na shairi basi, haijarudi mwanzo. Kumbe ile D.C. al Fine niliichapa kama maandishi ya kawaida, macho yanaisoma ila programu haijui ni amri. Nikafuta nikaivuta kutoka Repeats & jumps pamoja na Fine yenyewe, ikatoka dakika 1 na sekunde 40 kama inavyotakiwa. La Parts bado linanitesa.

Mwl. Nota
Pole kaka. Programu inagawa kwa ala, haijui kwamba kwenye mstari mmoja kuna watu wawili. Ukiwa haraka, fungua part ya juu, nenda paneli ya Instruments, bonyeza kile kigurudumu cha mstari, utaona voice 1 hadi 4, zima usizotaka. Ila angalia, sehemu ambazo soprano na alto wanaimba nota moja wengi wetu tunaandika mara moja tu kwenye voice 1 (ile ya bluu). Ukibakiza ya kijani peke yake karatasi ya alto inatoka na mapengo, mama wa watu ananyamaza katikati ya kiitikio akidhani ni pumziko 😂 imenitokea, tena mazoezini mbele ya paroko.

Mimi siku hizi naandika mistari minne toka mwanzo hata kama ni wimbo mdogo. Sababu kubwa ni mp3: kwenye Mixer kila ala ina kitufe chake, sauti mbili zikikaa mstari mmoja huwezi kumpandisha alto peke yake.

Besi la Nyuma
mimi nazima wote nabakiza besi natoa mp3 nawatumia wasapu wamekariri, simple

Mwl. Nota
Inafanya kazi ila waimbaji wanakariri hewani, wakikutana na soprano wanapotea. Usizime, shusha wengine mpaka wasikike kwa mbali, yake iache juu. Unatoa mara nne, unaita jina la sauti kila faili. Na teno mwangalie ufunguo, kama umemwekea wa soli bila ile 8 ndogo chini, kwenye mp3 atalia juu kule kwa kina mama.

Dada Alto
Hayo mapengo ndo mimi jamani 😭 Lingine, karatasi zetu zilikuja hazina maneno kabisa! Mwalimu alikuwa ameyachapa kwa soprano tu.

Mwl. Nota
Ndiyo, maneno yanafuata nota za mstari wake. Tools, halafu Copy lyrics to clipboard, nenda nota ya kwanza ya alto, Ctrl+L, kisha Ctrl+V moja kwa kila silabi. Pale alto anapovuta silabi tofauti na soprano unarekebisha kwa mkono.

Kijana wa Steshenari
Afu wakuu ukishatengeneza parts halafu ukarekebisha wimbo, parts zifute utengeneze upya

Mpiga Kinanda wa Zamu
Hapana bwana, nota zinafuatana zenyewe. Kinachobaki ni mpangilio wa kurasa, huo kila part ina wake, hivyo pitia kabla hujatoa. Na nyie wa steshenari mkiletewa PDF ya Letter mnaibana kwenye A4 nota zinakuwa chawa.

Kijana wa Steshenari
Sasa si mlete A4, ipo Format > Page settings 😅

Mjukuu wa Katekista
Samahani mimi nina mp3 ya wimbo wa harusi nataka iwe nota, nabonyeza wapi Export

Besi la Nyuma
mdogo wangu hapo umekuja na gari kinyume, hapa tunatoka kwenye nota kwenda mp3. wako ni kukaa na kinanda na penseli

Dada Alto
Ila kweli kwani waimbaji tunahitaji part? Mimi nikishika karatasi ya alto peke yake sijui naingia lini, napenda nione na soprano.

Mwl. Nota
Hapo nakubaliana nawe nusu. Kwaya naipa ile kamili, part natoa ya kinanda na ya tarumbeta. Kaka mwenye mada, jaribu Tools > Explode, acha mstari mtupu chini ya ule wa soprano kwanza, na fanyia kopi siyo wimbo wenyewe.

Mpiga Kinanda wa Zamu
Nimejaribu sasa hivi, soprano na alto wameachana vizuri. Ila nimetoka kurasa mbili hadi nne, na mweka hazina wa kwaya namfahamu, kopi 40 mara nne…